Kati ya Makasi na Mashini

Nilipewa ushefu nikiwa na pini tatu mdomoni. Nilikuwa nimeinama juu ya pindo la sketi wakati tajiri wetu alipokuja kusimama mbele ya mashini yangu ya kushona. Akasema shefu wa zamani amepata kazi Kisangani na hatarudi, na kwamba kuanzia kesho mimi ndiye nitakayesimamia ekipi nzima ya kushona. Nilitaka kumwuliza kwa nini mimi, lakini ilibidi kwanza nitoe pini moja moja. Nilipomaliza alikuwa ameshapita mlango wa kati, amerudi dukani kwake upande wa barabara, anampimia mteja chumvi.

Baadaye nilimfuata na kumwuliza. Alikuwa mtu wa Kivu ya Kaskazini, mchapakazi, asiyependa maneno mengi. Alisema: "Unajua kusoma, na unajua kunyamaza. Inatosha."

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Chumba chetu cha kushonea kilikuwa mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, nyuma ya duka lake, hatua chache kutoka sokoni. Tulikuwa watu saba. Wanne tulishona kwa mashini za miguu. Mama mmoja mnene, mwenye sauti ya chini, alipiga pasi ya makaa na kutoboa matundu ya vifungo. Msichana mmoja alishona vifungo na pindo kwa mkono. Na kwenye meza ndefu katikati ya chumba alisimama fundi wa makasi, ambaye hakuna kitambaa kilichotufikia bila kupita kwake.

Fundi wa makasi alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka arobaini na mitano, Mwislamu, mwenyeji wa Kindu tangu babu wa babu yake. Alivaa kofia nyeupe iliyofuliwa kila siku, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama mistari yake ya chaki. Alikuwa amekata nguo za mabibi harusi ambao sasa walikuwa wakileta binti zao kwake. Mimi aliniita "mtoto wangu". Siku niliyopewa ushefu alianza kuniita "shefu", kwa upole sana, na upole huo ulinitia wasiwasi kuliko matusi.

Mashini iliyokuwa karibu na dirisha ilikuwa ya mama mmoja kutoka Kibombo. Alinizidi kama miaka minane hivi. Alikuwa mwepesi wa mikono na mwepesi wa ulimi, na ndiye aliyekuwa rafiki yangu mkubwa mle ndani. Miaka mitatu tulikaa mashini kwa mashini. Tulikula wali wa sahani moja saa sita, na jioni tulirudi nyumbani kwa njia moja, yeye akiiga namna wateja wanavyotembea wakijaribu nguo mpya, mimi nikicheka mpaka nashika ukuta. Nilimwita yaya, dada mkubwa. Watu hao wawili, fundi wa makasi na yaya, ndio walionifundisha ushefu ni nini.

Wiki yangu ya pili tulipata kazi kubwa. Miaka ile ya chama kimoja, sikukuu za chama hazikuwa na mchezo. Kila ofisi ilikuwa na kundi lake la kucheza na kuimba nyimbo za siasa, na kila kundi lilitaka sare. Kundi la akina mama wa ofisi moja walituletea mizigo ya vitenge vyenye picha ya mwenge, wakataka mabaya arobaini (libaya ni ile blauzi ya kitenge inayobana kiunoni), na mikono iwe imevimba begani. Tulikuwa na siku kumi na mbili. Mwenge ulitakiwa usimame wima kila mahali, mgongoni, kifuani, mikononi. Hakuna aliyetaka kuelezea mbele ya wakubwa kwa nini mwenge wa taifa unamwaga moto wake chini.

Fundi wa makasi alikata sita za kwanza, yaya akazishona, na siku ya tatu kiongozi wa kundi akaja na wenzake wawili kujaribu. Alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya uwanjani. Alivaa, akajitazama kwenye kioo, akafurahi. Kisha akasema lazima aone kama nguo inacheza. Akainua mikono juu kama wanavyofanya kwenye wimbo. Mikono ikafika mabegani ikakwama. Akajaribu tena kwa nguvu, akabaki amesimama katikati ya chumba chetu kama ndege anayetaka kuruka na hawezi. Wenzake wakaangua kicheko, naye mwenyewe akacheka, lakini alipoacha kucheka alinitazama mimi.

Niliona mara moja. Mikono ilikuwa imewekwa nyuma mbele. Mkono wa nguo hauko sawa pande zote. Upande wa mbele umechimbwa kidogo zaidi, upande wa nyuma umejaa, ili mtu aweze kunyoosha mkono. Na kitenge kizuri kina rangi sawa ndani na nje, kwa hiyo ukigeuza mkono wa kulia unakuwa wa kushoto na hakuna kinachokuonya. Ndiyo maana fundi wa makasi hupiga alama ndogo kwa ncha ya makasi ukingoni, moja mbele, mbili nyuma. Mshonaji hufuata alama hizo. Nikageuza mkono wa libaya lililokuwa bado halijashonwa, nikatafuta alama. Hazikuwepo. Kwa kuwa siku hizo nilishona sketi tu, sikuwa nimegundua.

Yaya alikuwa ameshaona ninachotafuta. Akasema kwa sauti, mbele ya wateja: "Mimi ninashonaka kile ninapewaka. Alama haiko, nifanye nini?"

Fundi wa makasi hakuinua kichwa. "Mshonaji wa kweli huutambua mkono kwa kuushika," alisema. "Au mashini yako haina macho?"

Wateja waliondoka na ahadi yangu kwamba yote yatatengenezwa.

Kuanzia siku ile watu wale wawili hawakusemezana. Fundi akimaliza kukata, alimpa msichana wa vifungo furushi apeleke dirishani, hatua nne kutoka mezani. Yaya akiona kasoro, alilifunga furushi tena akalirudisha kwa njia hiyohiyo. Msichana yule alitembea siku nzima kama mjumbe kati ya nchi mbili. Wenzangu wengine wakaanza kuchagua upande. Washonaji wawili walikuwa na yaya, na mama wa pasi alikuwa na fundi, kwa kuwa walikuwa majirani. Kazi ilisonga polepole, na mabaya yaliyokwisha yalikuwa machache kuliko siku zilizopita.

Siku ya tano nikafanya kosa langu la kwanza. Nilitaka kuonyesha kwamba mimi ni shefu. Asubuhi, kila mtu akiwa mahali pake, nikasimama kando ya meza ya kukatia na kutoa hukumu kama hakimu. Nikamwambia fundi kwamba kuanzia leo atapiga alama kwenye kila kipande. Nikamwambia yaya asiseme maneno ya ndani mbele ya wateja. Nikasema yamekwisha, sasa tufanye kazi. Sidhani nilitumia dakika tatu.

Yaya alitabasamu. Alikuwa ameshinda, au ndivyo alivyoona, kwa sababu jina la fundi lilitangulia kutajwa. Fundi aliweka makasi yake juu ya meza, akayafunika kwa kitambaa kama mtu anayefunika chakula, akasema, "Ndiyo, shefu," akatoka. Hakurudi mpaka alasiri. Aliporudi, alikata vipande vya mabaya matano, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na alama ya makasi. Vilikuwa na nukta za chaki, ambazo zilifutika kabla ya kufika dirishani.

Jioni ile nilitembea nyumbani na yaya, naye alizungumza njia nzima. Alisema yule mzee anafanya makusudi. Alisema zamani alama zilikuwepo, na yeye anajua siku zilipoacha kuwepo. Mimi nilikuwa nikiitikia "ehe, ehe" kama nilivyozoea, mpaka tulipofika kwenye kona nikakumbuka kwamba mtu mwingine hana wa kumwitikia. Fundi aliniona nikitoka na yaya kila jioni. Aliniona nikila naye sahani moja. Hata ningetoa hukumu nzuri namna gani, kwake ilikuwa imetoka kwenye sahani ile. Na tena nikakumbuka jambo lingine, lililonitia haya zaidi. Asubuhi nilikuwa nimeongea mimi peke yangu. Sikumwuliza yeyote swali hata moja.

Kesho yake saa sita nilimwambia yaya kwamba siku chache hizi sitakula naye. Nilimweleza sababu. Alinitazama kama nimemmwagia maji.

"Ushefu njo unakukataza kula na mimi?"

"Ugomvi njo unanikataza, yaya. Utakwisha, nitarudi."

Alikula peke yake, amegeukia dirisha, na mimi nikala mihogo yangu kwenye ngazi ya nyuma bila kusikia ladha yoyote.

Alasiri hiyo nilimwomba fundi ruhusa ya kumtembelea nyumbani kwake. Niliomba kama mtoto anavyomwomba mtu mzima, wala sikumwita kama shefu. Alifikiri kidogo, akasema nyumba haina mlango wa kumfungia mgeni. Nikaenda baada ya sala ya magharibi, na sukari kidogo mkononi. Mke wake alinikaribisha, akaleta wali na samaki wa mto, akatuacha. Tulikula bila kugusa habari ya ugomvi. Nilikuwa nimejiapiza nisitoe shauri lolote, niulize tu, na nikishauliza ninyamaze. Kunyamaza ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya.

Nikamwuliza ni lini aliacha kupiga alama. Akasema tangu mvua zilipoanza. Nikamwuliza nini kilitokea wakati huo. Akaosha mikono taratibu, akaifuta, kisha akanieleza.

Kulikuwa na gauni la mke wa mwalimu. Alipiga alama kama kawaida, lakini ncha ya makasi ikaingia ndani mno, ikapita mstari wa mshono. Gauni lilipokwisha, palikuwa na tundu dogo chini ya kwapa. Yaya aliliona wakati mteja amelivaa, akacheka, akaingiza kidole kwenye tundu na kusema, "Fundi ametuwekea dirisha." Alisema hivyo kwa mzaha. Mteja akacheka, chumba kizima kikacheka. Mimi pia nilikuwepo, na nilicheka. Sikuwa nimekumbuka tena siku ile mpaka aliponikumbusha.

"Miaka ishirini na miwili nimeshika makasi," alisema. "Hakuna aliyewahi kuingiza kidole katika kazi yangu."

Nikamwambia pole. Sikuongeza neno. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Mtoto wangu, mimi mstari mrefu ninauona. Nikisimama mezani, chaki iko mbali, naiona vizuri. Lakini kitu kidogo, cha karibu, kama ncha ya makasi, sikioni tena. Ni kama ukungu wa mtoni asubuhi. Nikipiga alama sasa, napiga kwa kukisia."

Alikuwa anaogopa kwamba tajiri akijua, makasi yatapewa mtu mwingine. Akaniomba nisimwambie yeyote. Nilimwambia siri itabaki kwangu mpaka atakapoitoa mwenyewe. Lakini nilimwambia pia ukweli mwingine, kwamba tusipopata njia, mabaya arobaini hayatakwisha, na siri yake itajitoa yenyewe. Nikamwuliza kama atakubali tukae watatu, yeye, mimi na yaya, saa sita wengine wakiwa wameenda kula. Atasema anachotaka kusema, na asichotaka atabaki nacho. Akakubali. Aliponisindikiza mpaka barabarani alikuwa ameniita "mtoto wangu" mara mbili, nami nikahesabu.

Yaya nilimpata kesho yake mapema, kabla ya wengine kufika, akitia mafuta mashini yake. Alikuwa bado amenuna. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Alikuambia nini?"

Nikamwambia siwezi kumwambia.

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Na utakachoniambia leo, yeye pia hatakisikia kwangu."

Hilo lilimkera, halafu likampa nafasi. Kwa sababu alikuwa na lake, na hakuwa amemwambia mtu. Fundi alikuwa na mpwa wake wa kike aliyemaliza shule ya kushona kwa masista. Mpwa huyo alikuja mara mbili kumsalimia mjomba wake pale kazini, na mara zote mbili alisimama karibu na dirisha akitazama mashini. Tangu hapo alama zikatoweka, kazi ya yaya ikaanza kuharibika, na wateja wakaanza kumtazama vibaya. Yaya aliunganisha mambo hayo. Akaona mzee anamchimbia shimo ili kiti cha dirishani kiwe wazi. Yeye hakuwa na mume, na watoto wake watatu walikula kutoka kwenye mashini ile.

Niliposikia hayo nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Kila mmoja alikuwa amelala akiota anafukuzwa kazini. Lakini sikuwa na ruhusa ya kusema. Nilimwuliza tu kama atakubali kukaa mezani saa sita, na kama ataweza kusikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Akasema kukaa atakaa. Kusikiliza, atajaribu.

Saa sita ilipofika wenzetu walitoka. Mama wa pasi alitoka wa mwisho, akavuta mlango nyuma yake bila kuambiwa. Nikaweka viti vitatu upande mmoja wa meza ya kukatia, kwa sababu sikutaka meza iwe ukuta katikati yao. Mbele yetu nikatandaza vipande vya libaya moja, ambavyo bado havijashonwa.

Nilianza na langu. Nikasema siku ile asubuhi nilihukumu kabla ya kusikia, na nikaomba radhi kwa wote wawili. Nikasema pia kwamba yaya ni rafiki yangu na kila mtu anajua, kwa hiyo wakiona naelemea upande wake waniambie palepale. Fundi akaitikia kwa kichwa, akayatengeneza makasi yake yakae sambamba na ukingo wa meza. Kisha nikawaeleza namna tutakavyofanya. Mmoja atasema mpaka amalize. Mwingine, kabla ya kujibu, atarudia kwa maneno yake alichosikia, na yule wa kwanza atasema kama ndivyo. Yaya akasema huo ni mchezo wa watoto wa shule. Nikamwambia tujaribu hivyohivyo.

Fundi alitangulia, kwa kuwa ndiye mkubwa. Alieleza gauni la mke wa mwalimu, tundu, kidole, kicheko. Hakutaja macho. Alipomaliza nikamtazama yaya.

"Anasema alama zake zilikuwa mbaya na mimi nikamwambia," yaya alisema.

"Sivyo nilivyosema," fundi alijibu.

Nikamwomba yaya ajaribu tena. Akakunja uso, akashika kipande cha mkono wa libaya, akakikunja na kukikunjua.

"Anasema nilimuaibisha mbele ya wateja," alisema. "Anasema niliweka kidole changu ndani ya kazi yake na watu wote wakacheka, na hakuna mutu alisimama upande wake." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi nilisahau ile siku, baba. Kwangu ilikuwa mzaha."

"Sasa ndivyo," alisema fundi.

Ikaja zamu ya yaya. Alianza kwa ukali, mpwa, dirisha, alama zilizopotea, lakini alipofika kwa watoto wake watatu ukali ulimwishia. Fundi alitakiwa kurudia. Alivua kofia yake, akaiweka gotini.

"Anasema," alisema polepole, "kwamba anaogopa nataka kumtoa kwenye kiti chake. Anasema watoto wake wanakula hapo, na mimi nawanyang'anya sahani." Akamgeukia. "Mpwa wangu anaolewa Kibombo mwezi ujao, kwenu huko. Alikuwa anatazama mashini kwa sababu anataka mume amnunulie ya namna ile."

Yaya alifunika mdomo kwa kiganja. Nilidhani analia, kumbe anazuia kicheko, na macho yalikuwa na machozi pia. Fundi alimtazama, na nadhani ni kicheko hicho, ambacho mara hii hakikuwa juu yake, kilichomfungua. Akasema mwenyewe, bila mimi kumgusa: "Na alama niliziacha kwa sababu sizioni. Macho yangu ya karibu yamekwisha."

Nilisikia treni ikipiga honi stesheni. Nilikuwa na maneno mengi mazuri ya kusema, na namshukuru Mungu sikuyasema.

Yaya akavuta kiti chake karibu na meza. Alishika patroni, ile karatasi ngumu ambayo fundi huizungushia chaki kabla ya kukata, akaitazama ukingoni.

"Baba, juu ya nini unapiga alama kwa ndani?" aliuliza. "Ukipiga kwa ndani, lazima uone ni wapi pa kusimama. Piga kwa inje. Kata patroni yenyewe na meno yake, kadogo kadogo, yenye kutokeza. Makasi yako itafuata mstari, itapanda, itashuka. Haiwezi kutoboa nguo. Na mimi sitatafuta kwa macho. Nitapitisha kidole hivi, nitasikia jino moja, njo mbele. Meno mawili, njo nyuma."

Fundi alichukua karatasi, akaisogeza mbali na uso wake kwa urefu wa mkono. Akaichukua chaki, akachora jino la pembe tatu ukingoni, kubwa kama ukucha wa kidole kidogo. Akakata. Akafumba macho, akapitisha kidole.

"Nalisikia," alisema.

Walisahau kwamba niko pale. Walitengeneza meno ya mkono, ya bega, ya kiuno, wakibishana kama jino liwe na ncha au liwe bapa, na ubishi huo ulikuwa mtamu kuusikia. Wenzetu waliporudi walikuta sisi watatu hatujala, na fundi anamwambia yaya asimame wima apimwe, kwa sababu libaya la kwanza litajaribiwa mwilini mwake. Msichana wa vifungo alisimama mlangoni, akawatazama wakisemezana, akaketi kwenye kiti chake na kunyoosha miguu mbele kwa raha kubwa.

Kabla ya kufungua kazi tuliafikiana mambo matatu. Kasoro itaelezwa mezani, kabla mteja hajaingia. Nguo ya kwanza ya kila oda itashonwa wote wawili wakiwepo, ndipo nyingine zikatwe. Na mimi nitapita kila siku saa sita kuwauliza kama kuna tatizo, wote wawili kwa pamoja, wala si mmoja njiani jioni. Hilo la mwisho lilitoka kwa yaya, naye alinitazama usoni alipolisema.

Mikono ya mabaya sita ya kwanza tuliifumua yote, tukalowesha matundu ya sindano na kupiga pasi mpaka yakafunga, tukaishona upya. Siku ya nane tulikuwa na mabaya kumi na tisa. Tajiri alikuja akahesabu, akatikisa kichwa kwa mshangao. Fundi mwenyewe ndiye aliyemwomba wazungumze pembeni. Nilikaa kwenye kiti changu nikikanyaga mashini isiyo na kitambaa ndani. Waliporudi tajiri alikuwa anasema kwamba yeye pia hasomi risiti bila miwani, na kwamba sokoni kuna mtu anauza miwani ya kusomea, aende akachague.

Yaya alikwenda naye. Walirudi baada ya saa nzima, wakiwa wamejaribu kila jozi iliyoning'inia kwenye kamba ya muuzaji. Iliyomfaa ilikuwa na fremu nyekundu, pembe zimepinda juu, bila shaka ilitengenezwa kwa ajili ya bibi fulani wa mbali. Fundi aliivaa bila aibu yoyote. Alichukua kibiringo cha uzi, akasoma maandishi madogo yaliyoko chini yake, herufi moja moja, akiwa amesimama katikati ya chumba, na tulimpigia makofi kama mtoto aliyefaulu mtihani. Meno ya nje hawakuyaacha hata hivyo. Walisema ni mazuri kuliko alama za zamani.

Tulimaliza siku moja kabla ya muda. Siku ya sikukuu tulifunga kazi, tukasimama wote saba kando ya barabara. Kundi letu lilipopita, mama yule mrefu alikuwa mbele, na wimbo ulipofika mahali pake mikono themanini ikapanda juu kwa mara moja, miali ya mwenge ikitazama mbinguni. Fundi alinyoosha kidole akimwonyesha mama wa pasi mabega ya wale wa mstari wa pili. Yaya alikuwa anacheza palepale alipo, na baada ya muda akanishika kiuno tukacheza pamoja, mimi shefu na yeye, jua la saa nne likituchoma.

Nilirudi kwenye sahani ya yaya kesho yake. Aliniwekea samaki upande wangu, akasema nimekonda. Lakini sasa mara mbili kwa wiki fundi na mama wa pasi nao walileta chakula chao kwenye meza ile ya kukatia, tukatandika karatasi na kula wote.

Wiki chache baadaye niliwasikia wanazozana tena, safari hii juu ya dirisha. Fundi alitaka lifunguliwe aone vizuri na miwani yake, yaya hakutaka vumbi liingie kwenye mashini. Niliinuka haraka, nikavuta kiti, nikiwa tayari kwa kazi yangu. Nilipofika mezani walinitazama wote wawili kwa mshangao.

"Tumeshamaliza, mtoto wangu," alisema fundi. "Asubuhi wazi, alasiri limefungwa."

Nikarudi kwenye kiti changu. Nilifurahi sana, na nitakuwa nadanganya nikisema sikuona wivu kidogo.